Tovuti mpya ikifunguka, uliza ni seva gani imejibu

Kila aliyewahi kuhamisha tovuti anaijua njia hii: kabla ya kugusa DNS, ile huduma ya umma inayogeuza jina la tovuti kuwa namba ya seva, unaandika mstari mmoja kwenye faili la hosts la kompyuta yako, unafungua kivinjari, na wewe peke yako unaiona tovuti ikitoka kwenye seva mpya huku dunia nzima ikiendelea kuhudumiwa na ile ya zamani. Njia ni nzuri na siiachi. Kinachonisumbua ni jinsi watu wanavyosoma majibu yake. Ukurasa unafunguka, picha zipo, menyu zinafanya kazi, fundi anasema "tayari" na anabadilisha DNS. Anasahau kwamba wakati wa jaribio seva ya zamani ilikuwa hai, na mara nyingi ndiyo iliyokuwa ikibeba nusu ya kazi bila kuonekana.

Nitaeleza kwa mfano wa duka moja la hapa Lubumbashi linalouza vifaa vya usalama kazini: kofia ngumu, buti, glavu, miwani, koti za kung'aa. Wateja wake wengi ni kampuni ndogo zinazofanya kazi migodini, kutoka huku hadi Likasi na Kolwezi. Tovuti yao ni WordPress, yenye orodha ya bidhaa na fomu ya oda, na ilikaa miaka kwenye hosti ya pamoja ya Ulaya. Tulikuwa tunaipeleka kwenye seva ndogo ya peke yake. Majina na namba nimebadilisha: tovuti tuiite `duka.example`, seva ya zamani `198.51.100.7`, mpya `203.0.113.25`. Mama mwenye duka alikuwa na sharti moja tu. "Papa, hama unavyotaka, lakini asubuhi nisipigiwe simu na mteja wa Kolwezi kuniambia duka halionekani."

Mtu anaweza kuuliza kwa nini nisiandike tu `http://203.0.113.25` kwenye kivinjari nikaangalia. Sababu ni mbili. Ya kwanza, seva moja huwa na tovuti nyingi kwenye anwani moja ya IP, na huchagua ipi ya kutoa kwa kuangalia jina ambalo kivinjari kimeomba. Ukija na namba tupu, unapewa ile tovuti ya kwanza iliyopangwa, au ukurasa wa kukaribisha wa Apache. Ya pili ni mbaya zaidi kwa sababu inadanganya: WordPress huhifadhi anwani yake yenyewe ndani ya hifadhidata, kwenye jedwali la `wp_options`, mistari ya `siteurl` na `home`. Ukiifungua kwa namba, mara nyingi inakurudisha kwenye jina lake rasmi, na jina hilo kwa DNS ya wote bado linaelekea seva ya zamani. Unaona tovuti safi kabisa, unafurahi, kumbe umepelekwa ulikotoka.

Faili la hosts linatatua yote mawili kwa sababu jina linabaki lilelile, ila kompyuta yako inapewa jibu lingine kabla ya kuuliza DNS. Ni mabaki ya zamani haya: kabla DNS haijabuniwa mwaka 1983, mashine za mtandao wa ARPANET zilikuwa zikijuana kwa faili moja la majina, HOSTS.TXT, lililotunzwa mahali pamoja na kunakiliwa na wote. Mtandao ukakua, faili likalemewa, lakini nakala ya kila kompyuta haikuondolewa kamwe, na bado huulizwa kwanza.

Kwenye Linux na Mac liko `/etc/hosts`. Kwenye Windows liko `C:\Windows\System32\drivers\etc\hosts`. Mstari wenyewe ni huu:

```
203.0.113.25   duka.example www.duka.example
```

Namba, nafasi, kisha majina. Huandiki `https://`, huandiki njia ya ukurasa, wala namba ya mlango. Jina lenye www na lisilo na www ni majina mawili tofauti, na ukisahau moja, tovuti ikikuhamisha kutoka hili kwenda lile umeshavuka mpaka bila kujua. Wala hakuna alama ya nyota ya kusema "majina yote yaliyo chini ya duka.example". Kila jina linaandikwa lenyewe. Shika hilo, tutalirudia.

Kompyuta nyingi za huku zina Windows ya Kifaransa, basi Bloc-notes lazima ifunguliwe kwa `Exécuter en tant qu'administrateur`, la sivyo itakataa kuhifadhi, au itakupa nakala mahali pengine. Angalia pia isikuwekee `hosts.txt`. Windows hulificha hilo neno la mwisho, na faili lenye `.txt` halisomwi na mtu.

Ukishahifadhi, usikimbilie `nslookup`. Nimeona vijana wakihangaika hapa saa nzima: wanaandika `nslookup duka.example`, wanaona namba ya zamani, wanadhani mstari haukushika. `nslookup` na `dig` huenda moja kwa moja kwa seva ya DNS na hazisomi faili la hosts, ila kwenye Linux yenye systemd-resolved, huduma hiyo inaweza kulisoma na kuzijibu. Tumia `ping duka.example` na utazame tu namba iliyo kwenye mstari wa kwanza, hata kama ping yenyewe haijibiwi. Kwenye Linux `getent hosts duka.example` ni bora zaidi. Kwa kweli kuona `nslookup` na `ping` zikitofautiana ndiyo hali unayoitaka: dunia bado iko kule, wewe uko huku. Kama ping nayo inaonyesha namba ya zamani, kwenye Windows toa amri ya `ipconfig /flushdns`, na ufunge kivinjari chote, si kichupo kimoja, kwa sababu kivinjari hukumbuka majina na hushikilia miunganisho iliyo wazi. Na kama uko kwenye biro ambako mtandao unapitia proksi ya kampuni, mstari wako unaweza usifae kitu, kwa kuwa ni proksi inayotafuta jina, si kompyuta yako.

Simu ya Android hailifikii faili hilo bila kufunguliwa mamlaka ya juu kabisa ya mfumo. Huwa siisumbui; naiacha ibaki na mega zake za kawaida, yaani data ya mtandao wa simu, iwe shahidi wa upande wa umma.

Mara ya kwanza kufungua tovuti, kivinjari kilikataa: cheti si halali. Hiyo si ajali. Seva mpya ilikuwa na cheti cha kujitengenezea, na kupata cha Let's Encrypt kwa njia ya kawaida kulikuwa hakuwezekani bado, kwani wao huja kuhakiki kwa kupitia DNS ya umma, na DNS ya umma ingewapeleka seva ya zamani. Kuna njia mbili za halali. Moja ni kuhakiki kwa rekodi ya TXT kwenye DNS, ambayo haihitaji tovuti iwe imehama. Nyingine ni kunakili cheti na ufunguo wake wa siri kutoka seva ya zamani, kama hosti inakuruhusu kuvifikia. Nilichukua ya kwanza. Wapo wanaobofya "endelea tu" na kufanya jaribio lote hivyo. Mimi siipendi, maana kosa la cheti linaficha makosa mengine, na kama tovuti imewahi kutangaza HSTS, yaani agizo kwa kivinjari kwamba tovuti ifunguliwe kwa https tu, kivinjari hakikupi hata hicho kitufe cha kuendelea.

Sasa tovuti ikafunguka. Ilipendeza, na ilikuwa na kasi kuliko ya zamani. Hapo ndipo kazi ilipoanza.

Bonyeza F12 kwenye Chrome, nenda kichupo cha mtandao, bofya kwa kulia kwenye vichwa vya safu na uongeze ile iitwayo `Remote Address`. Kisha pakia ukurasa upya. Kila kitu kilichoombwa, kila picha na kila hati ya JavaScript, sasa kina namba ya seva iliyokijibu. Ukurasa wenyewe: `203.0.113.25`. Mtindo: `203.0.113.25`. Picha za buti, zote, kutoka ya kwanza hadi ya mwisho: `198.51.100.7`.

Fundi aliyenitangulia alikuwa ameweka picha za bidhaa kwenye jina la pembeni, `picha.duka.example`. Jina hilo sikuwa nimeliandika kwenye hosts, na kama nilivyosema hakuna nyota, kwa hiyo kompyuta ikalitafuta kwenye DNS na kuzileta picha kutoka kule kule zilikokuwa. Kwa jicho, tovuti mpya ilikuwa kamili. Nilipoongeza jina hilo kwenye mstari na kupakia upya, kila buti likageuka kisanduku kitupu na kosa la 404: folda ya picha haikuwamo kabisa kwenye kile tulichonakili. Kama tungebadilisha DNS na kufunga hosti ya zamani mwisho wa mwezi, duka lingebaki na bei bila bidhaa.

Safu hiyo inakuonyesha kile kivinjari chako kinachoomba. Haionyeshi kile ambacho seva mpya yenyewe inaomba nyuma ya pazia. Seva mpya haisomi faili la hosts la kompyuta yangu. Ina la kwake, na ina DNS yake. Kwa hiyo hatua ninayoiona ndiyo yenye thamani kuliko zote ni kuifungia seva mpya njia ya kwenda kwa ya zamani:

```
sudo iptables -A OUTPUT -d 198.51.100.7 -j REJECT
```

Tumia `REJECT`, si `DROP`. Kwa `DROP` ombi linaning'inia hadi muda uishe na wewe unadhani ni uvivu wa mtandao. Kwa `REJECT` linakataliwa papo hapo na kosa linaonekana. Kama seva ya zamani ina anwani ya IPv6 pia, fanya hivyohivyo kwa `ip6tables`. Mstari huu hauhifadhiki wenyewe. Kwa kawaida ukiwasha seva upya umetoweka, na ukitaka kuutoa mapema unaandika amri ileile kwa `-D` badala ya `-A`.

Nikaufunga. Nikapakia ukurasa. `Erreur lors de la connexion à la base de données`.

Hifadhidata tulikuwa tumeihamisha, imo kwenye seva mpya, ina meza zote. Lakini ndani ya `wp-config.php`, thamani ya `DB_HOST` haikuwa `localhost` kama ilivyo kawaida. Ilikuwa jina kamili la seva ya zamani, na upande wa pili mlango wa hifadhidata ulikuwa umeachwa wazi kwa anwani yoyote. Faili lilinakiliwa jinsi lilivyo, likafanya kazi bila tatizo, na tovuti mpya ikawa inasoma na kuandika kwenye hifadhidata ya zamani kwa safari ndefu ya mtandao. Ndiyo maana mimi hufunga njia kabla ya kujaribu fomu ya oda, si baada yake. Oda ya majaribio ya buti mia tano ingetua kwenye daftari halisi la mama, na kijana wa stoo angeanza kuzitafuta.

Baada ya kurekebisha hilo, tovuti ikarudi. Lakini ukurasa wa `Santé du site` ndani ya WordPress ukawa unalalamika kwamba tovuti haiwezi kujiita yenyewe. Ni kweli. WordPress haina saa ya kwake. Kazi zake za ratiba huziendesha kwa kujitumia ombi kwenye `wp-cron.php` kwa jina lake la umma. Seva mpya ilikuwa inauliza DNS "duka.example ni nani?", inajibiwa namba ya zamani, na sasa njia imefungwa. Kabla ya kufunga ilikuwa ikiigongea ya zamani kila mara, na ya zamani ikiitikia. Dawa ni mstari mmoja kwenye `/etc/hosts` ya seva mpya yenyewe:

```
127.0.0.1   duka.example www.duka.example
```

Malalamiko yakaisha.

Yaliyobaki ni yale ambayo faili la hosts haliwezi kuyaonyesha hata ufanyeje, kwa sababu yanaanzia kwa watu wengine. Kubwa lilikuwa barua pepe. Mimi kila mara naangalia hili kwanza kabla ya mengine ya DNS:

```
nslookup -type=mx duka.example
```

Jibu likawa kwamba barua za `duka.example` hupelekwa kwa `duka.example`. Hosti nyingi za pamoja hupanga hivyo kwa kawaida, na kwao ni sawa, kwa kuwa tovuti na barua vinakaa seva moja. Ila ukibadilisha rekodi ya A ya jina hilo, ile inayolipa namba ya seva, ili kuhamisha tovuti, umehamisha na barua bila kukusudia, kwenda kwenye seva ambayo haina hata programu ya kuzipokea. Kwenye kompyuta yangu hakuna kitu kingeonyesha hilo, kwani anayetuma bei kutoka Kolwezi hasomi hosts yangu. Tulitengeneza `mail.duka.example` kama rekodi ya A inayojitegemea yenye namba ya zamani (mwanzoni ilikuwa ni jina la bandia tu linaloelekea `duka.example`, nalo lingehama pia), tukaielekeza MX kwake, tukahakikisha barua zinaingia, ndipo tukaendelea. Kwenye rekodi ya SPF, inayotaja seva zinazoruhusiwa kutuma barua kwa jina la duka, tukaongeza namba ya seva mpya, maana uthibitisho wa oda sasa ungetumwa kutoka huko, na bila hivyo ungeangukia kwenye taka za wapokeaji.

Malipo ya simu nayo yana tabia hiyo. Mteja akilipa, kampuni ya malipo huigongea tovuti kwa anwani iliyosajiliwa ili kusema pesa imeingia, na ombi hilo hupita DNS ya umma. Ukijaribu malipo kutoka tovuti mpya wakati wa jaribio la hosts, ombi linatoka kwa mpya na taarifa inarudi kwa ya zamani, ambayo haiijui oda hiyo. Oda inabaki "inasubiri" na unaweza kupoteza jioni nzima ukitafuta kosa kwenye msimbo usio na kosa. Tulifungua jina la muda la umma, `jaribio.duka.example`, lenye namba mpya, tukaliandika kwenye akaunti ya majaribio ya kampuni ya malipo, tukaona taarifa zikifika.

Kubadilisha DNS kwenyewe, baada ya hayo, kulikuwa jambo dogo. TTL, muda ambao jibu la DNS hukumbukwa, ilikuwa sekunde 14400, yaani saa nne. Tuliishusha hadi 300 siku moja kabla, ili zile saa nne za zamani ziwe zimekwisha kwa kila aliyekuwa ameshika jibu. Usiku tukazima kitufe cha oda kwenye tovuti ya zamani na kuweka namba ya simu ya duka mahali pake, tukanakili hifadhidata mara ya mwisho, tukabadilisha rekodi ya A. Kitufe cha kule hatukukirudisha tena. Mteja ambaye DNS yake imechelewa ataona bidhaa na namba ya simu, na hataacha oda kwenye hifadhidata ambayo hakuna anayeisoma.

Kisha nikafuta mistari yote kwenye hosts ya kompyuta yangu. Hili lifanyike hapohapo, kabla ya kumwambia mtu yeyote kwamba tumehama, maana mistari ikiwemo wewe huwezi kuona kama DNS imebadilika au la: utaona tovuti mpya hata kama ulikosea namba kwenye rekodi. Sasa `nslookup` na `ping` lazima zikubaliane. Simu yenye mega ikafungua tovuti, na `Remote Address` ikawa moja kwa kila kitu.

Mama alitaka tuifunge tovuti ya kule siku hiyohiyo ili asilipe hosti mara mbili. Nikamwomba, "Mama, tuiache kwanza tuone nani bado anaigongea." Barua zilikuwa bado zinakaa huko hata hivyo. Kwenye logi ya seva ya zamani maombi yalipungua haraka, zikabaki roboti za kutafuta kurasa, na katikati yake ombi moja lililorudi kila saa kamili, kwenye njia ya orodha ya oda. Halikuwa likitumia jina la duka hata kidogo. Lilikuwa limeandikwa namba `198.51.100.7` moja kwa moja. Ilikuwa programu ndogo kwenye kompyuta ya mhasibu, inayovuta oda mpya na kuziweka kwenye jedwali lake la hesabu, na tangu tuhame ilikuwa inavuta orodha ileile isiyo na kipya. Yeye alidhani wiki imekuwa mbaya kibiashara. Tukabadilisha namba ikawa `https://duka.example`, tukamwingizia oda zilizokuwa zimemkosa, na tovuti ya kule tukaizima ijumaa iliyofuata.